Obiti Inayovuja Nishati

Sayari inayolizunguka jua peke yake haipotezi nishati. Mtafiti akiona kwenye kompyuta obiti yake inasinyaa na sayari inazidi kulikaribia jua, kosa mara nyingi si la sheria ya mvuto, bali la jinsi muda ulivyokatwa vipande. Kwa kawaida amekwishatumia Runge-Kutta ya daraja la nne, mbinu yenye kosa dogo mno katika kila hatua. Lakini kosa hilo dogo huelemea upande mmoja, na baada ya hatua milioni huwa kubwa.

Tiba yake huonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya mkono. Sayari iwe umbali wa 1 kutoka kwenye jua, kasi yake 1, mvuto 1, na hatua ya muda 0.1. Nishati yake ni −0.5. Mbinu kongwe ya Euler husogeza mahali na kubadili kasi kwa pamoja, kwa kutumia thamani za zamani. Baada ya hatua moja tu nishati imepanda hadi −0.490 (Euler huongeza pale Runge-Kutta inapopunguza). Sasa mpangilio ubadilishwe: kasi ianze, kisha kasi mpya ndiyo isogeze mahali.

```
v = v + h*a(x)
x = x + h*v
```

Nishati inakuwa −0.49999. Kazi ya kompyuta haikuongezeka hata kidogo.

Siri iko kwenye eneo linalofagiwa na mstari unaounganisha jua na sayari. Kwa mpangilio huu mpya, kila hatua hufagia pembetatu ya 0.05 kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kwa Euler wa zamani, pembetatu ya pili tayari ni 0.0505. Newton alitumia pembetatu kama hizo mwaka 1687 kuthibitisha sheria ya Kepler ya maeneo. Mbinu za jamii hii huitwa simplektiki. Nishati yenyewe hazishiki kikamilifu: huiacha ipande na kushuka kidogo, kwa sababu kompyuta inafuata karibu kikamilifu sayari ya mfumo jirani, wenye nishati iliyotofautiana kidogo na ile halisi.

Kipimo cha kutambua ni kuchora kosa la nishati dhidi ya muda. Mstari unaoteremka ni uvujaji, na kupunguza hatua huulaza tu bila kuuondoa. Mawimbi yasiyohama ni dalili njema.

Mbinu ya Verlet, inayogawa badiliko la kasi nusu kabla na nusu baada ya kusogeza mahali, ni sahihi zaidi na hutumika sana. Lakini hatua ikirefushwa na kufupishwa ovyo njiani, faida hiyo hupotea. Tena sayari, ingawa haitoki kwenye njia yake, inaweza kufika mapema au kuchelewa. Kwa safari ya mizunguko michache Runge-Kutta bado inafaa. Kwa miaka milioni, Verlet.