Mzaha wa kufungua kikao Shituru: unamwangukia nani?

LIKASI, DRC – Saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku inatoka na ya mchana inaingia. Kabla ya mtu yeyote kukaribia matangi ya asidi, wafanyakazi husimama pamoja kwa dakika chache kusikiliza habari za usalama. Msimamizi anaona nyuso zilizolala, vijana wawili wa mkataba waliojificha nyuma, na leo, kwa bahati mbaya, mkurugenzi amepita kusikiliza. Angependa waamke. Mzaha mmoja ungetosha, lakini upi?

Shituru, mtaa wa viwanda wa Likasi, imekuwa ikitoa shaba kwa njia ya umeme tangu enzi za Union Minière, mji wenyewe ukiitwa bado Jadotville. Katika kazi ya namna hii kikao cha asubuhi si mapambo. Hapo ndipo mtu anapotakiwa kusema kwamba bomba fulani linavuja au kwamba ngazi ya tangi imelegea. Mara nyingi anayeona bomba hilo wa kwanza ni kijana wa chini kabisa, kwa sababu ndiye anayetumwa kule wengine wasikopenda kwenda. Kijana huyo akichekwa saa kumi na mbili, hatafungua mdomo saa kumi na mbili na dakika tano. Ndiyo maana swali la mzaha gani ufungue kikao ni zito kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1960 mtafiti wa Marekani, Rose Laub Coser, alichapisha utafiti kuhusu kicheko katika vikao vya wafanyakazi wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alichokuta kinamhusu kila aliyewahi kukaa kikaoni: wakubwa ndio waliotania zaidi, na mizaha yao mara nyingi iliwaangukia walio chini yao. Wadogo hawakumtania mkubwa aliyekuwepo. Walijicheka wenyewe, au walicheka watu ambao hawakuwa chumbani. Kwa maneno mengine mzaha, ukiachwa ujiendee, hutelemka kama maji, na anayelowa ni yule aliye bondeni.

Msimamizi wa zamu yuko katikati ya mteremko huo. Akitania chini anamnyamazisha kijana, akitania juu anamuudhi mkubwa. Kabla ya kuuliza kama mzaha wake unachekesha, lazima ajiulize unamwangukia nani.

Tuchukue mizaha minne ambayo msimamizi kama huyo angeweza kuifikiria akiwa njiani kutoka nyumbani.

Wa kwanza ni rahisi kuliko yote. Kijana mmoja huchelewa kila mara, na leo amewahi. “Leo hata huyu amefika mapema, chukueni miavuli, mvua itanyesha!” Watu watacheka, hilo ni hakika, na kijana mwenyewe atacheka kwa sababu hana la kufanya. Lakini mkurugenzi, ambaye hakujua kama kijana huyo huchelewa, sasa anajua. Katika sekunde tano mzaha umegeuka kuwa ripoti ya utendaji kazi, iliyosomwa mbele ya mtu anayesaini mikataba.

Wa pili ni wa mshahara. Unaweza kusema kwamba mshahara ni kama mgeni anayepiga simu kila siku kwamba yuko njiani. Kwingine huo ni mzaha wa kawaida. Likasi hauko mwepesi hivyo. Familia nyingi hapa ziliishi miaka ambayo wafanyakazi wa Gécamines walikaa miezi mingi bila kulipwa, kisha mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ambapo zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo waliacha kazi. Kati ya vijana waliosimama asubuhi hiyo, wapo ambao baba zao walikuwa katika hesabu hiyo. Kwao mgeni aliye njiani ni mtu wanayemfahamu. Mkurugenzi naye atasikia dai la malipo lililovikwa kicheko, na atalijibu kama dai.

Wa tatu ni wa kabila, na hapa inafaa kusimama kidogo.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa, kwa sababu kwake utani wa makabila ndio kifungua kikao kinachotegemewa. Mzaramo na Msukuma wakikutana ofisini, matusi ya utani huanza kabla ya salamu kuisha. Ukanda wa shaba nao una utani wake. Upande wa Zambia, Wabemba na Wangoni waliowahi kupigana vitani waligeuka kuwa watani, na mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 jinsi utani wa aina hiyo, pamoja na ngoma ya kalela iliyokejeli makabila mengine, ulivyowasaidia watu wa asili mbalimbali kuishi pamoja katika miji ya migodi. Utani huo unafanya kazi kwa sababu una kanuni: pande zote mbili zimekubali, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na aliyetaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Likasi ina kumbukumbu nyingine. Mwaka 1992 na 1993, wakati Katanga ikiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani. Maelfu walijaa stesheni ya treni ya Likasi wakingoja usafiri wa kurudi katika mkoa ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Neno lililotumika dhidi yao lilikuwa “bilulu”, yaani wadudu, na lilitamkwa hadharani. Baada ya hapo, mzaha kuhusu Mluba wa Kasai, au jibu lake kuhusu Mkatanga, hauna pande mbili zilizokubaliana. Hata kama watani wawili wanaoheshimiana huutumia wakinywa bia, ukiletwa kikaoni unawafikia watu 20 ambao hawakuingia katika mkataba huo. Aliyezaliwa baada ya 1993 anaweza kuona ni maneno tu. Mama aliyesimama pembeni huenda alilala pale stesheni.

Unabaki mzaha wa nne, ambao msimamizi anajicheka mwenyewe:

“Miaka yote hii ninawafundisha kuvaa kofia ya kazi. Jana umeme umekatika, nikajigonga kichwa kwenye mlango wa jikoni. Mama watoto, badala ya kunipa pole, ameniuliza: ‘Papa, kofia unavalaka tu juu ya shefu?’”

Huu unapita. Aliyejigonga ni msemaji, na mwenye akili katika hadithi ni mke wake. Kukatika kwa umeme kila mtu Likasi anakujua. Na bila kulazimisha, hadithi imeshafika kwenye ajenda, kwa sababu baada ya kicheko msimamizi anaweza kuendelea moja kwa moja: “Basi kofia. Tuanze na kofia.” Haitaji daraja lingine.

Hata hivyo una mahali penye kuteleza. Siku mkurugenzi yupo, neno “shefu” linaweza kusikika kama kwamba watu huvaa kofia kwa kumwogopa yeye. Badilisha neno hilo moja, mke aulize, “Kofia unavalaka tu ku kazi?”, na mzaha unabaki na ladha yake bila kumgusa aliyesimama mlangoni.

Kujicheka nako kuna mipaka, na inategemea cheo. Msimamizi anayesimulia alivyojigonga anashuka ngazi moja, na watu wanamkaribia. Kijana wa mkataba aliyepewa zamu ya kufungua kikao hana ngazi ya kushuka. Akisimulia alivyosahau kufunga valvu, hata kwa kuchekesha, maneno hayo hayatasahaulika siku valvu nyingine itakapokutwa wazi. Anayeanza kazi anafaa kuchagua kitu kisicho na mwenyewe: mvua, matope ya barabarani, mbwa wa jirani, treni.

Treni ni hazina ya mkoa mzima. Mtu amefika stesheni anakimbia, anauliza kama treni ya saa mbili imeshapita. Anaambiwa: “Ya saa mbili ya leo bado, mzee. Lakini ukifanya haraka, ya juzi ndiyo inaingia.” Kisha kijana anaongeza kwamba kikao chao kitachukua dakika kumi, na ni za leo. Hakuna aliyeguswa.

Hadithi ya treni ina faida nyingine inayohusu Shituru ya sasa, ambako baadhi ya wakubwa ni Wachina wanaofuata kikao kupitia mkalimani, na wengine ni Wakongo wanaotaka ripoti kwa Kifaransa huku zamu nzima ikizungumza Kiswahili. Mzaha wa maneno, ule unaotegemea neno lenye maana mbili, hufia mdomoni mwa mkalimani. Kinachofuata ni kibaya kuliko ukimya: watu 20 wanacheka, mkubwa mmoja hajui kwa nini, na jambo la kwanza linalomjia ni kwamba wanamcheka yeye. Hadithi ya tukio hupita katika lugha yoyote, maana treni iliyochelewa siku mbili ni ileile kwa Kichina. Yafaa pia kumdokeza mkalimani mapema, ili kicheko cha pili kisichelewe sana baada ya cha kwanza.

Jinsi ya kujua kama mzaha umefaulu? Ukubwa wa kicheko haumwambii msimamizi mengi, kwa sababu watu humchekea mkubwa hata asipochekesha. Aangalie macho. Wakimtazama mkurugenzi kwanza kisha wakacheka, wameomba ruhusa, na mzaha huo asiurudie. Wakitazamana wao kwa wao, umekaa vizuri. Na kama hakuna aliyecheka, asiufafanue. Mzaha uliofafanuliwa huchukua dakika tatu za kikao cha dakika kumi, na mwisho wake watu humwonea huruma. Aendelee na kofia kana kwamba hakusema kitu.

Zipo siku za kuacha kabisa. Kama zamu iliyopita imeumia mtu, au mmoja wao yuko kwenye kilio, salamu na taarifa zinatosha. Vivyo hivyo kama kikao kimeitwa ili kuonya au kupunguza watu: mzaha wa mkubwa kabla ya habari mbaya hukumbukwa kwa uchungu kuliko habari yenyewe. Mizaha ya maumbile ya wanawake haina siku yake, na katika zamu ambayo wanawake ni wawili au watatu tu, kila mtu anajua unamhusu nani.

Kwa siku ya kawaida, kofia na mlango wa jikoni vinachukua sekunde 20. Msimamizi anafungua daftari, anataja kofia, anataja miwani ya kujikinga na asidi, kisha anauliza zamu ya usiku imeacha nini. Kutoka nyuma, mmoja wa wale vijana wawili anainua mkono: ngazi ya tangi la tatu imelegea upande wa kushoto, na taa ya hapo haiwaki.