Basi Lilituacha, Garimoshi Likatupokea

Basi la asubuhi la kwenda Kisumu lina tabia moja ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua. Siku ukifika mapema, litakaa pale stendi hadi saa mbili u nusu likisubiri abiria wawili wa mwisho, huku utingo akipiga ubavu wake kama ngoma. Siku ukikwama njiani, basi hilo hilo huondoka saa moja kamili, bila kuchelewa hata dakika moja.

Jumamosi hiyo tulikuwa watano: mimi, mama watoto, kifungua mimba wetu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, dadake wa miaka minane na kitinda mimba wa miaka minne. Safari yetu ilikuwa ya kwenda kwa shangazi yao kule Kisumu. Kwenye Barabara ya Jogoo lori lililobeba mchanga lilikuwa limelala ubavu, na magari yakajipanga nyuma yake kama siafu. Tulipofika kwenye kituo cha mabasi cha Machakos ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano. Mahali pa basi letu palikuwa na doa la mafuta na mwuzaji mayai ya kuchemsha.

Karani wa tikiti hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua tikiti zetu, akakata saa kwa kalamu nyekundu na kuandika nyingine juu yake. "Saa nane mchana. Mizigo acheni hapa ndani." Kitinda mimba akaketi chini na kuangua kilio, maana alikuwa ameahidiwa kuliona ziwa siku hiyo, na yeye huchukua ahadi kama hati ya mahakama.

Sasa fikiria, msomaji, saa sita na nusu na watoto watatu katikati ya jiji. Kurudi nyumbani ni kuirudia Jogoo mara mbili. Kukaa stendi ni kununua kila kinachopitishwa dirishani. Ni mama watoto aliyekumbuka kwamba Makumbusho ya Reli hayako mbali, na kwamba kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yetu tumeyapita tu tukisema, "Siku moja tutaingia."

Tukashika njia kwa miguu. Sokoni Marikiti tulinunua ndizi na maembe, tukaipita Muthurwa, ambako zamani wafanyakazi wa reli walipewa nyumba za kuishi, tukafuata Barabara ya Haile Selassie hadi upande wa stesheni. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka wa 1971. Kuna jumba la vitu vidogo vidogo, kama taa, saa, vyombo vya mezani na picha, lakini watoto hawakulitazama mara mbili. Macho yao yalikuwa nje uani, mahali magarimoshi ya mvuke yamesimama kwenye reli zao, mazito na kimya.

Kubwa kuliko yote lina nambari 5918 na jina lake ni Mount Gelai. Watoto walianza kuhesabu magurudumu. Kifungua mimba akapata kumi na manne, dadake akapata kumi na matatu, na ugomvi ukazuka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini akacheka na kuja upande wetu. Alitueleza kwamba ujana wake wote aliumalizia relini na kwamba hupenda kupita hapo kuwaamkua "ndugu zake wa chuma".

"Rudieni," aliwaambia. "Hesabuni manne ya mbele, kisha yale yenye fimbo, kisha yanayofuata."

Wakarudia. Mawili madogo, manne makubwa yaliyounganishwa kwa fimbo za chuma, moja dogo. Hapo yakawa saba. Kisha pengo refu chini ya tumbo la injini, ambapo hapana gurudumu hata moja. Halafu safu ile ile ikageuzwa: moja dogo, manne makubwa, mawili madogo. Saba na saba ni kumi na manne, na upande wa pili ni kumi na manne mengine. Jumla ishirini na manane.

"Na hilo pengo, Babu?" akauliza msichana.

Hapo ndipo tulipopata somo ambalo sikulipata shuleni. Injini ya aina hii huitwa Garati, na kwa hakika ni mashine mbili zilizobeba boila moja kati yao. Mzee aliokota maganda mawili ya embe, akayalaza chini na kuweka kijiti juu yake, ncha moja kwenye kila ganda. Maganda ndiyo magurudumu, kijiti ndicho boila. Akayageuza maganda, hili kulia, lile kushoto kidogo, na kijiti kikabaki kimenyooka juu yake. Kila ganda lilizunguka peke yake chini ya ncha yake, mfano wa mlango kwenye bawaba. Ndivyo chuma chenye urefu wa zaidi ya mita 30 kilivyoweza kupinda kona za reli ya Mombasa bila kuruka nje.

Mtu angeweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi: kwa nini wasitengeneze injini moja nene, fupi, yenye nguvu? Jibu liko kwenye reli yenyewe. Mzee alimwomba mama watoto leso yake, akaitandaza juu ya reli mbili upande wa upana wake. Ilizifunika zote mbili, ikabaki kipande kidogo cha pindo. Njia hiyo ya zamani ina upana wa mita moja tu kati ya reli na reli. Kisha akaigeuza leso kwa urefu wake. "Huo sasa ndio upana wa ile reli mpya ya Mombasa." Reli hiyo iliyofunguliwa mwaka wa 2017 ina upana wa milimita 1,435, na leso ndefu huifunika kwa shida.

Mount Gelai na maji yake na mafuta yake lina uzito wa karibu tani 250. Ukiuweka mzigo huo juu ya magurudumu machache, reli itapinda na daraja litalia. Lakini ukiutandaza juu ya magurudumu ishirini na manane, kila gurudumu hubeba sehemu yake, kama wanaume wengi wanavyobeba jeneza moja bila yeyote kuvunjika bega. Tena, kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, mafundi waliweza kulinenepesha boila hilo na kuliteremsha tanuri lake chini kadiri walivyotaka, na boila nene ndilo lenye mvuke mwingi. Tangi la mbele lilibeba maji, la nyuma lilibeba mafuta mazito ya kuchoma. Wengi wetu hudhani kila garimoshi la mvuke lilichoma makaa ya mawe, hili halikuchoma.

Magarimoshi 34 ya jamii hiyo yaliundwa Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna mengine ya mvuke yaliyowahi kuyazidi kwa ukubwa kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Baadaye injini za dizeli zikachukua kazi, nayo yakasimama. Kifungua mimba alipewa siri ya nambari: 59 ni jamii, 18 ni nafasi yake katika jamii hiyo. Tangu dakika hiyo alizisoma injini zote uani kama mtu anayesoma vitambulisho.

Tuliketi chini ya mti tukala maembe yaliyobaki. Kisha mzee akasema kwamba kuna behewa moja la kutazamwa, lakini akamtazama kitinda mimba kwanza, kana kwamba anapima umri wake.

Ni behewa la abiria namba 12, la mbao. Mwaka wa 1900 lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa njia katika stesheni ya Kima, kwenye njia ya Mombasa. Simba mla watu alikuwa akisumbua hapo, na ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alilala humo na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakitaka kumpiga risasi. Walikubaliana kukesha kwa zamu, Ryall akaanza. Usingizi ukamshinda. Simba akapanda na kuusukuma mlango, ambao ulikuwa wa kutelezesha. Behewa lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja, kwa hivyo mara tu simba alipoingia, mlango ukateleza wenyewe na kujifunga nyuma yake.

Watoto waliacha kutafuna.

Ikawa simba na watu watatu ndani ya chumba kimoja. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na simba alimkanyaga yeye ili kumfikia Ryall. Huebner, aliyekuwa kitanda cha juu, hakuwa na njia ya kutoroka ila kuruka juu ya mgongo wa simba kuelekea mlango wa pili. Nao watumishi waliokuwa upande wa pili walikuwa wameushikilia kwa nguvu zao zote usifunguke. Simba akavunja dirisha akatoka naye Ryall. Mwili wake ulipatikana baadaye, akazikwa Nairobi.

"Lakini ni mlango uliomfungia!" msichana akapiga kelele. Alikuwa amekasirishwa na mlango kuliko simba. Alitumia dakika kumi akiwauliza watu wote kama fundi wa mlango huo aliwahi kushtakiwa. Mimi namwelewa. Simba ni simba. Mlango ndio uliotengenezwa na mtu.

Saa saba tukamwaga mzee kwa heshima, tukarudi stendi kwa miguu. Safari hii, tukipita Muthurwa, kifungua mimba alitaka kujua ni nyumba zipi za dereva na zipi za mpiga moto. Basi liliondoka saa nane na robo. Karani wetu mwenye kalamu nyekundu alitupungia mkono, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Tulipoanza kuteremka Bonde la Ufa, watoto wote walikuwa dirisha moja wakitafuta reli. Mama yao aliwaambia kwamba reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na kwamba iliteremka bonde hili na kulipanda tena hadi ikafika ziwani mwaka wa 1901, kule kule tulikokuwa tukienda sisi. "Miaka miwili kutoka Nairobi!" akasema kifungua mimba, na baada ya hapo hakuna aliyelalamika tena kuhusu mwendo wa basi.

Tulifika usiku. Shangazi alikuwa ameweka samaki mezani na maswali mdomoni, lakini hakupata nafasi ya kuuliza hata moja. Kitinda mimba alisimama katikati ya sebule, bado na mkoba mgongoni, akatangaza kwamba yeye amemwona simba aliyepanda gari la moshi bila tikiti. Binamu zake wakamwambia huo ni uongo. Akaenda zake hadi mlango wa chumba cha kulala, akausukuma, akausubiri ujifunge. Haukujifunga. "Nyumba yenu haijainama," akawaambia, akaketi kula samaki.