Risala ya mahafali na pumzi ya msomaji

Risala nyingi za mahafali ya kidato cha nne huandikwa ziwekwe kwenye faili, kisha mwanafunzi husukumwa mbele ya kipaza sauti azisome. Tazama sentensi ya mfano, ya aina inayosikika kila msimu wa mahafali: “Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wahitimu tulioanza tukiwa mia moja na ishirini na leo tukihitimu tukiwa tisini na nane kutokana na sababu mbalimbali zikiwemo uhamisho, ugonjwa na utoro, tunapenda kuchukua fursa hii kuwashukuru walimu wetu.” Kisarufi haina kosa. Lakini kati ya “sisi wahitimu” na “tunapenda” pana maneno ishirini na mawili, na pumzi ya msomaji huishia kwenye utoro. Shukrani, ambazo ndizo kiini cha sentensi, hutoka kwa sauti iliyokauka.

Dawa si kupachika koma zaidi, kwa sababu koma hufuata sarufi na mapafu hayaijui sarufi. Ivunje sentensi, kila wazo lipate kitenzi chake karibu, kisha weka mkwaju mmoja kwa kituo kifupi na miwili kwa kirefu: “Mheshimiwa mgeni rasmi, // tulianza / mia moja na ishirini. // Leo tunahitimu / tisini na nane. // Wengine walihama. / Wengine waliugua. / Wengine waliacha shule. // Walimu wetu, / asanteni.” Kituo cha baada ya “tisini na nane” ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Hapo wazazi hutoa hesabu wenyewe: ishirini na wawili hawapo. Kurudia “wengine” kunampa msomaji mwendo, na sikio lililolelewa na mashairi yenye mizani na vina huupokea bila taabu. Idadi nazo ziandikwe kwa maneno, na ukurasa usikatike katikati ya sentensi, maana kufunua karatasi ni kituo ambacho hakuna aliyekipanga.

Mkuu wa shule atasema risala ni waraka rasmi, haifai kukatwakatwa hivyo. Ana hoja, ila jibu lake ni jepesi: ziwepo nakala mbili. Ile ya kukabidhiwa mgeni rasmi ibaki na aya zake. Ya kusomwa iwe na mistari mifupi, herufi kubwa na mikwaju. Wengine wanahofu kwamba alama humfanya kijana asome kama kasuku. Hutokea, hasa pale alama zinapowekwa na mwalimu mezani kwake. Msomaji mwenyewe asome kwa sauti akiwa amesimama, na popote anapovuta pumzi bila kutaka, hapo ndipo sentensi ivunjwe. Vigelegele navyo havina mkwaju, vikipigwa, angoje.

Linabaki swali ambalo uhariri hauwezi kulijibu. Sentensi ndefu ilikuwa ikiwaficha wale ishirini na wawili. Fupi inawatoa hadharani, wazazi wao pengine wakiwa wameketi palepale. Nani mwenye haki ya kuamua watajwe? Walimu mnaosimamia risala, waulizeni wahitimu kabla ya kuchapa nakala ya mwisho.