“Wao” ni nani hapa?

Mtihani wa Kiingereza wa TOEFL umeuliza swali hili kwa miaka mingi: kiwakilishi fulani katika kifungu kinarejelea nini? Wengi huchagua nomino iliyo karibu zaidi, na mtunga swali anajua hivyo.

Soma hii: “Wakulima waliwapulizia viwavi dawa kwa sababu walikuwa wakitafuna majani.” Nani walitafuna? Viwavi. Sasa badilisha mwisho: “kwa sababu walihofia kukosa mavuno.” Hapo ni wakulima, ingawa viwavi bado wako karibu zaidi. Kiambishi wa- hakisaidii, kwani viwavi nao ni viumbe hai. Kitenzi ndicho kinachoamua. Vingekuwa viti, ngeli ingetutobolea siri mapema. Kiingereza hakina msaada huo: kiwakilishi chake cha wingi hubeba watu, wadudu na viti sawasawa.

Kwa hiyo ondoa kwanza majibu yasiyolingana kwa umoja au wingi. Yaliyobaki yaweke moja moja mahali pa kiwakilishi, kisha isome sentensi nzima, pamoja na iliyotangulia. Jibu linaloleta maana ya ajabu, kama viwavi kuhofia mavuno, lifute.