Mtazamaji Kabofya, Mbona Kaondoka?

Chukua mfano wa fundi simu mwenye video ya dakika nane YouTube, inayoonyesha namna ya kushughulikia simu isiyopeleka chaji. Mara nyingi tatizo ni uchafu wa mfukoni: vumbi na nyuzi za nguo vimeshindiliana ndani ya tundu la chaji mpaka waya haufiki mwisho. Unazima simu, unachokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, uchafu unatoka na waya unakaa. Kazi iliyobaki ni kichwa cha video na kava yake, ile picha ndogo ambayo mtu huiona kabla hajabofya.

Kishawishi ni kuweka simu inayowaka moto, mshale mwekundu, na kichwa kinachosema "USICHAJI TENA SIMU YAKO!" Watu watabofya, ndiyo. Wakifika watamkuta fundi na kijiti chake, nao walikuja kuona moto. Wataondoka.

Tupige hesabu ya mfano. Kava ya moto imeonyeshwa mara 1,000, watu 80 wakabofya, kila mmoja akakaa wastani wa sekunde 45. Jumla ni dakika 60. Kava ya kweli imeonyeshwa mara 1,000 vilevile, wakabofya 50 tu, lakini wakakaa dakika 3 kila mmoja. Jumla ni dakika 150. Tangu 2012, YouTube haipendekezi video kwa kuangalia wingi wa mibofyo peke yake. Muda ambao watu wanatazama una uzito mkubwa. Hata kifaa chake cha kujaribisha kava, kinachomruhusu mwenye chaneli kushindanisha hadi kava tatu za video moja, humtafuta mshindi kwa muda wa kutazama. Kava inayobofywa zaidi inaweza kabisa kushindwa.

Lakini ukweli usiovutia nao haubofywi. "Namna ya kusafisha tundu la chaji" ni kichwa cha kweli, ila mwenye shida hajui kwamba shida yake ni tundu. Anachojua ni kwamba simu haiingizi chaji na pengine anahitaji chaja mpya. Kwa hiyo anza na anachokijua: "Simu haichaji? Angalia hapa kabla hujanunua chaja". Neno zito limetangulia, na hilo ni muhimu, maana YouTube inaruhusu herufi 100 lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa mkia. Jibu lenyewe hatujalitaja, na hatujadanganya mtu.

Kwenye kava weka tundu lenyewe, limepigwa picha kwa karibu sana, uchafu ukiwa umening'inia kwenye ncha ya kijiti. Maneno mawili yanatosha: "Tatizo hili". Usirudie kichwa, kwani msomaji anaviona vyote viwili pamoja. Kona ya chini kulia iache wazi, pale hukaa muda wa video na hufunika chochote utakachoandika. Kisha ipunguze picha mpaka ilingane na ukucha wa kidole gumba uitazame: kama uchafu hauonekani, sogeza kamera karibu zaidi.

Sasa sekunde 30 za kwanza. Anayebofya anataka kuhakikisha haraka kwamba hajapotea njia, kwa hiyo tundu la kwenye kava lionekane mapema, kabla ya salamu ndefu na ombi la kujiunga na chaneli.

Ukishaipakia, fungua YouTube Studio utazame mchoro unaoonyesha watazamaji wanabaki hadi wapi. Kila video hupoteza watu mwanzoni, hilo lisikutishe. Tafuta mstari unaoporomoka kuliko ilivyo kwenye video zako nyingine. Ukiporomoka na usipande tena, huenda kava iliahidi kitu ambacho hakimo. Badilisha kava na kichwa, jambo linalowezekana bila kupakia video upya. Ukiporomoka halafu ukavimba dakika ya nne, pale kijiti kinapoingia, ahadi ilikuwa sahihi ila umewachelewesha. Watu wameruka maneno yako kukifuata walichokijia. Hapo kava iache, kata utangulizi.

Asilimia ya wanaobofya inahitaji subira katika kuisoma. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zina kiwango kati ya asilimia 2 na 10. Siku za mwanzo video huonyeshwa zaidi kwa wanaokufahamu, hivyo asilimia huwa juu. Ikianza kupelekwa kwa watu wasiokujua, asilimia hushuka hata kama kava ni nzuri. Fundi wetu akiona imetoka 9 hadi 4 huku video ikionyeshwa mara nyingi zaidi na muda wa kutazama ukipanda, hana sababu ya kuigusa kava yake.