Maziwa ya boksi yameshapikwa, friji inaanza kazi ukishafungua

Kwenye duka moja la mtaani, maziwa ya boksi yamepangwa rafuni pembeni ya majani ya chai. Nenda duka la jirani, utayakuta maziwa yaleyale, ya kampuni ileile, ndani ya friji pamoja na soda. Mzazi anayemnunulia mtoto hushindwa kujua ni mwenye duka yupi anayeyaharibu. Akifika nyumbani anakutana na swali jingine: ayachemshe kwanza kama anavyochemsha ya muuza maziwa wa baiskeli, au ampe mtoto hivyohivyo?

Wenye maduka wote wawili wako sahihi. Maziwa ya boksi yanayokaa muda mrefu yameshapikwa, tena kwa joto ambalo sufuria yako haifikii. Boksi likiwa bado limefungwa, halihitaji friji. Yule wa duka la pili anayapoza kwa sababu wateja wake wanapenda kunywa ya baridi, basi.

Joto kuliko la sufuria

Maziwa yakichemka jikoni huwa kwenye nyuzi joto 100 hivi. Joto hilo linaua bakteria wanaoleta magonjwa kama kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, na ndiyo sababu maziwa mabichi lazima yachemshwe. Lakini wapo bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu, na mbegu hizo huvumilia kuchemka. Maziwa yakipoa zinachipua. Hapo ndipo maziwa uliyochemsha asubuhi na kuyafunika vizuri mezani yanapoweza kukukatikia jioni.

Kiwandani maziwa hupitishwa kwenye mitambo inayoyapandisha hadi nyuzi joto kati ya 135 na 150 kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa haraka. Joto hilo linaziua hata zile mbegu. Kwa kuwa muda ni mfupi, protini na madini ya kalsiamu hubaki, ingawa baadhi ya vitamini hupungua kidogo. Ile ladha ya “kupikwa” ambayo watoto wengine huikataa inatokana na joto hilo. Si dawa iliyotiwa ndani.

Kupika peke yake kusingetosha, kwa sababu maziwa yaliyopikwa vizuri yakimiminwa kwenye chombo chenye vijidudu yanaharibika kama mengine. Kwa hiyo karatasi ya boksi nayo husafishwa, mara nyingi kwa hidrojeni peroksaidi, ikakaushwa, na maziwa hujazwa ndani ya chumba cha mashine chenye hewa iliyochujwa. Boksi lenyewe lina tabaka za karatasi, plastiki na aluminiamu nyembamba inayozuia mwanga na hewa. Maboksi ya namna hii yalianza kuuzwa Uswisi mwaka 1961. Hayahitaji kemikali ya kuhifadhi, maana ndani hakuna kijidudu cha kuzuiwa.

Ukiyachemsha tena nyumbani hupati usalama wa ziada. Unapoteza vitamini kidogo na gesi. Kama mtoto anayapenda ya moto, pasha kiasi anachokunywa.

Usichanganye na ya mfuko

Hatari ninayoiona kubwa zaidi iko kwenye maziwa ya mfuko laini. Mengi kati ya hayo yamepasteurishwa, yaani yamepashwa kwa nyuzi joto 72 hivi kwa sekunde 15. Ni salama kunywa, lakini bakteria wachache wamebaki, kwa hiyo lazima yakae kwenye baridi tangu kiwandani hadi kwako. Ukiyakuta rafuni nje ya friji, yaache.

Sasa, ipo pia mifuko laini ambayo ndani yake ni maziwa ya muda mrefu. Usiamini umbo la kifungashio. Tafuta herufi UHT, kisha soma maelezo ya kuhifadhi na tarehe ya mwisho. Ya muda mrefu kwa kawaida hupewa miezi kadhaa, wakati yaliyopasteurishwa hupewa siku chache.

Kutohitaji friji hakumaanishi boksi likae popote. Jua la dirishani au joto la ndani ya gari huyafanya yabadilike rangi na ladha kabla ya tarehe. Yakikaa sana, mafuta hupanda juu au maziwa huwa mazito kama uji. Mara nyingine huwa machungu, kwa sababu vimeng'enya vilivyokuwemo kwenye maziwa mabichi vimenusurika joto la kiwandani. Boksi lililovimba, linalovuja kwenye kona au linalonata kwa nje lina tundu, hata kama hulioni. Lirudishe dukani bila kuonja.

Mkasi ukishapita

Kila kitu hubadilika dakika unapokata kona. Tuseme umefungua boksi la nusu lita saa 1 asubuhi, ukamimina kikombe kimoja, na mkasi umeingiza bakteria 10 tu. Kwenye joto la Dar es Salaam, tuseme wanaongezeka maradufu kila nusu saa. Mtoto akirudi shule saa 9 alasiri, saa nane zimepita na wamejizidisha mara 16. Hao 10 sasa ni zaidi ya 650,000. Hesabu hii nimeirahisisha, kwa sababu mwanzoni huenda polepole, lakini mwelekeo ndio huo. Ndani ya friji ya nyuzi joto 4, maradufu moja huchukua saa nyingi.

Kwa hiyo likifunguliwa, liingie friji mara moja likiwa limefunikwa, na liishe ndani ya siku tatu au muda ulioandikwa kwenye boksi. Lililokaa mezani zaidi ya saa mbili, mtoto asipewe. Siku za joto kali saa moja inatosha kulikataa. Tarehe ya mwisho iliyochapwa haihusiki tena, kwani ni ya boksi lililofungwa.

Wengi hupima kwa pua, na hapa pua inadanganya. Maziwa mabichi huchacha kwa sababu yana bakteria wa asili wanaotengeneza asidi. Kwenye ya boksi hao walishakufa, na wanaoingia baadaye wanaweza kuyaharibu bila ule uchachu tuliouzoea. Wala kuyachemsha hakuyaokoi: wapo bakteria wa mikononi wanaoacha sumu isiyoondolewa na kuchemka.

Nyumba isiyo na friji inaweza kutumia maziwa haya bila shida, ila inunue boksi linaloisha kwa mara moja. La mililita 200 au 250 bei yake kwa lita huwa juu, najua, lakini ukimwaga nusu ya boksi la lita nzima nafuu hiyo haipo tena.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kabisa, yachemshwe yasichemshwe. Kupikwa kiwandani hakuyageuzi kuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, wala hayachukui nafasi ya maziwa ya mama.

Boksi dogo lililofungwa unaweza kuliweka kwenye begi la shule bila barafu. Mtoto akishanyonya kwa mrija, mate yake yamerudi ndani, kwa hiyo atakachobakisha saa 4 ya mapumziko akimwage hukohuko.