Ofisi Imefungwa, Tunarudi Jumatatu

Tarehe 29 Desemba, mteja anaandika barua pepe kwa kiwanda kidogo cha uchapaji pale Kariakoo. Anataka kadi za biashara 500 na vitabu vya risiti, na anaomba profoma. Baada ya sekunde chache anapata jibu: "Asante kwa barua yako. Kwa sasa hatupo ofisini. Tutawasiliana nawe mapema iwezekanavyo."

Jibu hilo lina adabu zake, lakini halimsaidii kitu. Hajui kama mapema iwezekanavyo ni kesho au ni katikati ya Januari. Hajui kama barua yake itasomwa au aandike upya sikukuu zikiisha. Kwa hiyo anafanya ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelifanya: anaandika kwa kiwanda cha pili, na cha tatu. Wenye kiwanda watakaporudi, kazi hiyo itakuwa imekwisha kuchapwa mtaa wa pili.

Jibu la likizo linaloandikwa kwa uangalifu lina kazi mbili tu. La kwanza ni kumpa mteja tarehe anayoweza kuipanga katika shughuli zake, na la pili ni kumpa sababu ndogo ya kungoja. Tukichukue kiwanda hichohicho cha Kariakoo, kinachofunga Jumatano tarehe 23 Desemba 2026 na kufungua Jumatatu tarehe 4 Januari 2027, tuone jibu lake lingeandikwaje.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Ukiandika "tumefunga hadi tarehe 3", msomaji mmoja ataelewa kwamba tarehe 3 mmefungua, na mwingine ataelewa kwamba tarehe 3 bado mmefunga. Taja siku ya kufungua, si siku ya mwisho ya kufunga, na utaje na jina la siku: Jumatatu, 4 Januari 2027. Mwezi uuandike kwa jina. Ukiandika 4/1/2027, mteja aliye Marekani ataisoma kuwa tarehe mosi Aprili, kwa sababu kule mwezi hutangulia siku. Saa nazo zina mtego wake kwa sisi tunaohesabu kuanzia mapambazuko. "Saa 2 asubuhi" haina utata kwa Kiswahili, ila kama jibu lako lina sehemu ya Kiingereza, huko andika 8:00, la sivyo mgeni atakupigia simu saa nane mchana akidhani ndiyo kwanza mnafungua.

Kuna jambo jingine ambalo naona ni zito kuliko hayo yote. Siku ya kufungua mlango na siku ya kujibu barua ni siku mbili tofauti. Kiwanda kilichofungwa siku 12 kitakuta barua kadhaa zinangoja, mashine za kuwashwa, wino wa kukagua na watu waliosimama mlangoni. Mteja aliyeambiwa "tunarudi Jumatatu" anatarajia jibu Jumatatu. Ikifika Jumanne mchana kimya, ameshakata tamaa, na safari hii anaona umemdanganya. Mwambie ukweli tangu mwanzo: tunafungua Jumatatu tarehe 4, na jibu lako utalipata kabla ya Jumatano jioni tarehe 6. Ukimjibu Jumanne, atafurahi.

Kwa wanaofunga kwa ajili ya Idd, tarehe haipatikani kwa kutazama kalenda. Mwezi ukionekana usiku wa 29, sikukuu ni kesho yake, na usipoonekana, Ramadhani inatimia 30. Wengi huandika tarehe wanayoitumainia kisha wanalazimika kuibadilisha usiku wa manane. Hesabu kana kwamba mfungo utatimia siku 30, ongeza siku za mapumziko, uandike tarehe hiyo. Mwezi ukiandama mapema, utakuwa umerudi kazini siku moja kabla ya ahadi, na hakuna mteja atakayelalamika kwa hilo.

Sasa tuje kwenye ofa. Kishawishi cha kwanza ni kutoa punguzo la asilimia 10, kwa kuwa ni rahisi kulitamka. Lakini lipigie hesabu kwanza. Tuseme kadi na vitabu vya yule mteja bei yake ni shilingi 120,000. Karatasi, wino, bamba na ujira vinakula 84,000, na faida inabaki 36,000. Asilimia 10 ya bei ni 12,000, na hiyo yote inatoka kwenye faida. Umetoa theluthi ya faida yako kwa mtu ambaye pengine angeagiza hata bila punguzo. Ukimpelekea mzigo kwa bodaboda bila kumtoza, na nauli ikawa 5,000, umetoa chini ya nusu ya kiasi hicho. Mteja naye hapati asilimia ya kupigia hesabu, anapata mzigo mlangoni kwake na kuepuka foleni ya kuja Kariakoo mwezi wa Januari, wakati ambapo kila mtu anahangaikia ada na sare za shule.

Ofa ya namna hii inahitaji mipaka ili isikuumize. Weka kiwango cha chini cha oda, mathalani shilingi 100,000, usije ukamtuma bodaboda hadi Bunju na kitabu kimoja cha risiti. Weka pia siku ya mwisho. Kwa kiwanda chetu ningeweka Ijumaa tarehe 15 Januari. Wiki mbili zinatosha kwa mtu ambaye naye alikuwa likizo, hata ukiondoa tarehe 12, Siku ya Mapinduzi, ambayo ni mapumziko. Tena mpe neno la kutaja anapoagiza, ili ujue nani amekuja kwa sababu ya jibu lile. Bila neno hilo, mwisho wa Januari hutaweza kusema kama ofa ilifanya kazi au ulitoa nauli bure.

Ofa ikae chini, baada ya tarehe. Kumbuka kwamba jibu hili halichagui. Litamfikia mteja mpya, litamfikia anayekudai karatasi, na litamfikia aliyeandika kulalamika kwamba kalenda zake zimekatwa vibaya. Mtu huyo wa mwisho akikutana na tangazo la ofa kwenye mstari wa kwanza, ataona hasira yake imejibiwa kwa biashara. Akikutana kwanza na uhakika kwamba barua imefika na tarehe ya kujibiwa, ofa ya chini haitamkera.

Hivi ndivyo ningeliandika jibu lenyewe:

Kichwa: Tumefunga kwa sikukuu, tunafungua Jumatatu 4 Januari 2027

"Asante kwa kutuandikia. Barua yako imefika na huna haja ya kuituma tena. Ofisi imefungwa kwa sikukuu. Tutafungua Jumatatu, 4 Januari 2027, saa 2 asubuhi, na utapata jibu letu kabla ya Jumatano jioni, 6 Januari.

Kwa kutusubiri, oda yoyote ya kuanzia shilingi 100,000 utakayotupa kati ya 4 na 15 Januari tutakuletea popote Dar es Salaam bila gharama ya usafiri. Unapoagiza, taja neno KARIBU27.

Tunakutakia sikukuu njema."

Huoni humo mahali tunapokwenda kupumzika, wala nani anabaki na funguo. Jibu hili linamwendea yeyote anayeandika, akiwemo yule anayetafuta duka lisilo na mtu. Kama kuna kazi zisizoweza kungoja, weka namba moja ya simu, lakini iwe namba ambayo kweli itapokewa.

Kulipanga kwenye Gmail hakuchukui muda. Katika kompyuta fungua Settings, kisha See all settings, na chini kabisa ya ukurasa wa General utakuta Vacation responder. Siku ya kwanza weka 23 Desemba. Chini yake kuna Last day, na hapo ndipo penye hatari. Kisanduku hicho si cha lazima. Ukikiacha wazi, jibu litaendelea kwenda hadi utakapolizima kwa mkono, na mteja wa Februari ataambiwa kwamba mtafungua tarehe 4 Januari. Ukiweka 4 Januari, utakosea kwa namna nyingine, kwa sababu Gmail huendelea kujibu hadi mwisho wa siku uliyoitaja. Mteja atakayeandika Jumatatu asubuhi ataambiwa mmefunga, wakati wewe umekaa mezani. Siku sahihi ni 3 Januari. Ukimaliza, bonyeza Save Changes.

Kisha lijaribu, na ulijaribu kwa akili. Tuma barua kutoka anwani nyingine, usome jibu ukiwa na simu, kwa kuwa wateja wengi watalisomea huko. Ukituma tena kutoka anwani hiyohiyo usipate kitu, usidhani limeharibika. Gmail humjibu mtu mmoja mara moja tu katika siku nne, isipokuwa kama umebadilisha maneno ya jibu. Breki ya aina hii ni ya zamani kama jibu la likizo lenyewe. Programu iliyoitwa vacation, aliyoiandika Eric Allman huko Berkeley, California, katika miaka ya 1980, ilimjibu mtu mara moja kwa wiki. Bila breki hiyo, watu wawili walio likizo wangeandikiana bila kukoma: jibu la huyu linaamsha jibu la yule, na la yule linaamsha la huyu, hadi masanduku yote mawili yajae.

Kwa wenye WhatsApp Business, ambako wateja wengi wa Kariakoo hupitia, programu ina ujumbe wake wa kutokuwepo unaoweza kupangiwa muda. Maneno yafupishwe, lakini tarehe na ofa zilingane na za barua pepe herufi kwa herufi. Mteja aliyeona tarehe 4 huku na tarehe 5 kule hataamini hata moja.

Jumatatu ikifika, sanduku la barua litakuonyesha za karibuni juu, na mkono utavutwa kuanzia hapo. Shuka hadi chini kabisa. Aliyeandika tarehe 23 Desemba amengoja kuliko wote, na ndiye aliye karibu zaidi kwenda kwingine. Jibu zake kwanza, kisha panda. Akitokea mtu aliyeandika ndani ya likizo ukachelewa kumtumia profoma hadi ofa ikapita, mpelekee mzigo wake bila nauli hata ikiwa tarehe 18, na huna sababu ya kumwuliza kama analikumbuka lile neno.